Kazi ya Namba 10 Ilivyogawanywa

Tarehe 30 Juni 2006, mjini Berlin, Argentina ilikuwa ikiongoza 1-0 dhidi ya wenyeji Ujerumani katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Bao lilitokana na kona ya Juan Román Riquelme, beki Roberto Ayala akaunganisha kwa kichwa. Dakika ya 72 kocha José Pekerman alimtoa Riquelme na kumwingiza Esteban Cambiasso, kiungo anayejua kukaba. Alitaka kulinda bao. Lakini timu ile ilijengwa ili kila shambulizi lipite miguuni mwa Riquelme, na alipoketi benchi hapakuwa na wa kuutuliza mpira pale mabeki walipoupata. Dakika ya 80 Miroslav Klose alisawazisha, kisha Ujerumani ikashinda kwa penalti.

Riquelme alikuwa namba 10 halisi. Alisimama nyuma ya washambuliaji, katika uwazi ulio kati ya viungo wa wapinzani na mabeki wao. Kazi yake ilikuwa kupokea mpira hapo, kugeuka kulitazama goli, na kutoa pasi ya mwisho. Ili aifanye vizuri, wenzake walimkabia na kumkimbilia. Siku aliyokuwa sawa, ilikuwa raha tupu: wiki mbili kabla ya Berlin, Argentina iliifunga Serbia na Montenegro 6-0, na bao moja lilikuja baada ya pasi zaidi ya 20.

Tatizo ni kwamba kila mpinzani alijua pa kumkuta. Timu nyingi zilianza kuweka viungo wakabaji wawili mbele ya mabeki wao, kwenye uwazi uleule aliouhitaji. Namba 10 akawa anapokea mpira akiwa amelipa goli mgongo, mtu amemganda. Tena, soka la kukaba kuanzia mbele lilipoenea, mchezaji asiyekaba aliacha pengo ambalo wapinzani walipita wakicheka.

Makocha walihitaji ubunifu uleule, ila usimtegemee mtu mmojamoja. Mfano ulio wazi zaidi kwangu ni Manchester City ya Pep Guardiola msimu wa 2017/18, iliyotwaa ubingwa wa England kwa pointi 100 na mabao 106. Kevin De Bruyne na David Silva, wote wawili wenye kipaji cha namba 10, walicheza pamoja kama viungo wa kati, Fernandinho akiwalinda kwa nyuma.

Siri ilikuwa mahali waliposimama. Leroy Sané na Raheem Sterling walibaki karibu kabisa na mstari wa pembeni, na beki wa pembeni wa wapinzani akalazimika kuwafuata. Akitoka, njia inafunguka kati yake na beki wa kati. De Bruyne aliingia njia ya kulia, Silva ya kushoto. Kiungo mkabaji akimfuata mmoja, mwingine yuko huru. Akibaki katikati, wote wawili wanageuka. Na mpira ukipotea, hao hao walikuwa wa kwanza kuukimbilia.

Desemba 2017 Silva alikosa mchezo dhidi ya Tottenham kwa sababu za kifamilia. Nafasi yake ikachukuliwa na İlkay Gündoğan, akafunga bao la kwanza, City ikashinda 4-1. Linganisha na Berlin: mbunifu mmoja hayupo, lakini njia zilibaki wazi kwa sababu timu nzima ilizitengeneza.

Liverpool ya Jürgen Klopp ilikwenda mbali zaidi. Msimu wa 2018/19 mabeki wa pembeni, Trent Alexander-Arnold na Andy Robertson, walitoa pasi za mabao 12 na 11 katika ligi. Viungo wao walikuwa wa kazi ngumu. Ubunifu ulihamia pembeni, ambako mchezaji hupata sekunde ya kuinua kichwa.

Mgawanyo huu una gharama, nami naisikitikia. Timu ikikutana na wapinzani waliojazana mbele ya goli lao, mpira huzunguka kutoka pembeni hadi pembeni, kila mtu akichagua pasi salama na kumwachia mwenzake hatari. Ukitaka kuigundua hali hiyo, hesabu mara ambazo mchezaji anapokea mpira nyuma ya viungo wa wapinzani akiwa analitazama goli. Zikiwa chache, umiliki wote ule ni bure.

Ndiyo maana Argentina ya 2022 ilinivutia. Lionel Messi, akiwa na miaka 35, aliachiwa atembee na kuusoma mchezo, huku Rodrigo De Paul, Enzo Fernández na Alexis Mac Allister wakikimbia na pia kupanga mashambulizi. Katika robo fainali dhidi ya Uholanzi alikokota mpira kuingia kati, akapenyeza pasi katikati ya mabeki bila hata kumtazama Nahuel Molina, beki wa pembeni aliyekuwa amepanda mpaka ndani ya boksi, naye akafunga.