UJI MZITO UNAONYWEKA: CHAKULA CHA MGONJWA ALIYETOKA KUPASULIWA

Mwezi uliopita tulimtembelea mama mmoja katika kijiji kimoja karibu na Nyarugusu, mkoani Geita. Alikuwa amerudi nyumbani siku kumi zilizopita baada ya kupasuliwa tumbo, kwa sababu kidole tumbo chake kilikuwa kimepasuka. Mume wake anachimba dhahabu, na binti yao wa miaka kumi na minne ndiye anayepika. Tulimkuta mama amekonda, kidonda chake kimechelewa kufunga upande mmoja, na pembeni ya kitanda kuna chupa ya uji.

Yule binti hakuwa mvivu. Alikuwa ameambiwa kwamba mama apewe chakula laini, naye akampa uji wa sembe mwepesi, vikombe vitatu kwa siku, pamoja na chai. Ila katika vikombe vitatu vya uji wa namna ile unga haufiki hata gramu 80, na protini iliyomo ni kama gramu 5 tu. Protini ndiyo inayojenga nyama mpya kwenye kidonda. Mama mwenye kilo 50 aliyetoka kupasuliwa huhitaji gramu 60 hadi 75 kwa siku. Tumbo lake lilikuwa linajazwa maji, na mwili ukawa unakula misuli yake wenyewe.

Ungeweza kusema, basi uji upikwe mzito. Ukifanya hivyo utapata kitu kinachokaribia ugali, na mgonjwa asiye na hamu atakula vijiko vitatu na kusukuma bakuli. Dawa ya tatizo hili wazee wetu wa Usukumani wanaijua, ingawa wao huitumia kwenye pombe: ni kimea. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa lishe hapa Tanzania wamekuwa wakiwafundisha akina mama kutumia unga wa kimea katika uji wa watoto. Ukiwekwa kidogo kwenye uji mzito, hukata ule unato wake, uji ukawa mwepesi mdomoni bila kuongezwa maji. Kikombe kilekile hubeba karibu mara mbili ya unga.

Tulikaa na binti siku ile tukaanza naye. Alichukua kilo moja ya ulezi, akatoa mawe, akauosha na kuuloweka usiku kucha. Asubuhi alimwaga maji, akautandaza kwenye kitambaa safi chenye unyevu na kuufunika, akawa anaunyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya tatu vimizizi vilikuwa vimetoka. Akauanika juani mpaka ukakauka kabisa, akausugua mikononi ili vimizizi vidondoke, akaupepeta na kusaga. Tunasisitiza ulezi. Machipukizi ya mtama yana sumu, na kimea cha pombe kinachouzwa sokoni mara nyingi ni cha mtama na hakikusafishwa. Kimea chenye ukungu au harufu ya uvundo kitupwe, wala kuku wasipewe.

Kupika ni hivi. Kwa lita moja ya maji tia gramu 200 za unga wa kawaida wa ulezi, yaani kama vikombe viwili vya chai. Pika mpaka uive. Utakuwa mzito sana, usiogope. Epua, uache upoe mpaka uweze kuugusa kwa kidole bila kuungua, lakini ukihisi joto kali. Tia kijiko kimoja cha mezani cha unga wa kimea, koroga, subiri dakika kumi. Utaona uji unalegea wenyewe. Kisha urudishe motoni uchemke tena dakika chache, kwa sababu kimea kilikaa na unyevu siku tatu na vijidudu hukipenda. Wakati huo tia vijiko vitatu vya karanga zilizokaangwa na kusagwa laini.

Binti alikosea mara ya kwanza kama wengi wanavyokosea: alitia kimea sufuria ikiwa bado inatokota. Moto mkali huua nguvu ya kimea, na uji ulibaki mzito vilevile. Uji ukipoa kabisa pia hautalegea. Kama umesubiri robo saa na mwiko bado unasimama, kosa liko kwenye joto, au kimea kimezeeka.

Lita moja ya uji huo, kwa siku nzima, ina protini kama gramu 25. Mayai mawili huongeza 12, nusu lita ya maziwa 16, na vijiko viwili vya unga wa dagaa kama 10. Jumla ni zaidi ya gramu 60, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kutafunwa kwa nguvu.

Nyumba ile haina jokofu, kama nyumba nyingi za parokia zetu, kwa hiyo akiba ya wiki mbili tuliipanga kwa vitu vinavyokaa: kilo tatu za unga wa ulezi, robo kilo ya kimea, kilo moja ya karanga zilizochaguliwa vizuri, nusu kilo ya unga wa dagaa, na trei moja ya mayai. Dagaa hukatwa vichwa, huoshwa, huanikwa, hukaangwa bila mafuta, husagwa na kuchekechwa. Karanga iliyosinyaa au yenye ukungu isiingie. Sumu ya ukungu huo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mayai yakae mahali pa baridi, na yai linaloelea majini litupwe. Maziwa na mapapai ni vya kununua kila siku. Maziwa yachemshwe kwanza, hata kama yatagandishwa. Na huko machimboni tuseme jambo moja zaidi: sufuria au beseni lililoguswa na zebaki lisirudi jikoni kamwe.

Majirani walikuwa wameleta michembe na maharage. Ni upendo, na tusiwakatishe tamaa, lakini wiki za mwanzo vyakula hivyo huwajaza wengi gesi, na tumbo lenye mshono huuma likivimba. Mlenda hushuka vizuri, ila peke yake hauna nguvu, utiwe karanga. Papai bivu na maji ya kutosha husaidia choo, maana baadhi ya dawa za maumivu hufunga tumbo, na kujikamua huvuta mshono.

Yote haya ni kwa mgonjwa ambaye daktari amemruhusu kula chakula laini. Aliyekatwa utumbo, mwenye kisukari au mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kabla ya kutoka hospitalini, na majibu yaandikwe kwenye karatasi. Tumbo likivimba na kuwa gumu, akatapika, asipate choo wala kutoa hewa, au akapata homa na usaha kwenye kidonda, asipewe chakula tena nyumbani; arudishwe hospitali siku hiyohiyo.

Tuliporudi baada ya wiki tatu, mama alikuwa ameketi nje kwenye mkeka akichambua ulezi mwenyewe. Kidonda kilikuwa kimefunga. Alilalamika kitu kimoja tu, kwamba uji wa binti yake una dagaa wengi mno.