Utangulizi na hitimisho la disertasyo ya historia: mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea

Ndugu wanafunzi, na ninyi muliomaliza lakini mungali munasahihisha kazi za wadogo zenu, tuzungumze leo juu ya paragrafu mbili zinazochukua pointi nyingi kuliko urefu wake: ya kwanza na ya mwisho. Asista anayesahihisha rundo la kopi anasoma utangulizi, na pale pale anajua kama mwanafunzi alielewa swali. Akifika kwenye hitimisho, anaangalia kitu kimoja: je, huyu alijibu?

Hapa tunaongea juu ya disertasyo ya kurasa tatu mpaka tano, ile ya egzamen ao ya kazi ya nyumbani. Utangulizi wa TFC ni jambo lingine, una hipotezi, metodi na mipaka ya kazi. Tusichanganye.

Tuchukue swali moja na tulishike mpaka mwisho: «Juu ya nini Ubelgiji ilikubali uhuru wa Kongo kwa haraka, kati ya Januari 1959 na Januari 1960?»

Utangulizi zaifu

Huu ni mfano ambao kila mwalimu wa historia ameisha kukutana nao:

«Tangu zamani za kale binadamu anapenda uhuru. Kongo ni nchi kubwa iliyo katikati ya Afrika, yenye utajiri mwingi. Ilitawaliwa na Wabelgiji kwa miaka mingi na watu waliteseka sana. Mwishoni ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Katika kazi hii tutazungumzia sababu za uhuru huo. Tutaona sababu za ndani, sababu za nje, na mwisho matokeo.»

Kiswahili chake hakina shida, na hakuna uongo ndani. Shida iko wapi? Fanya jaribio hili: toa neno «Kongo», weka «Ghana» ao «Algeria», badilisha tarehe na jina la mkoloni. Karibu kila sentensi inaendelea kusimama. Utangulizi unaoweza kuvalishwa nchi yoyote hauna mwenyewe.

Tena, swali liliuliza juu ya *haraka*. Mwanafunzi amejibu juu ya uhuru kwa jumla. Lile neno «kwa haraka» njo moyo wa swali, na yeye amelipita kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyokuwa anaitafuta. Na plani yake, «sababu za ndani, sababu za nje, matokeo», ni sanduku tupu: haitwambii sababu gani, wala ipi ilikuwa na uzito kuliko ingine. Matokeo hayakuulizwa hata.

Utangulizi wenye nguvu unafanya kazi nne

Kwanza unaleta mada kwa jambo la kweli lenye tarehe. Pili unaonyesha tatizo: kitu gani hapa kinashangaza na kinaomba maelezo? Tatu unatoa jibu kwa kifupi. Nne unatangaza plani, na ile plani inatoka ndani ya jibu.

Wengi wetu tulifundishwa ya kwanza, ya pili na ya nne. Ya tatu tunaiogopa, eti jibu linawekwa mwisho. Kwa kweli waalimu hawasemi sauti moja hapa: kuko wanaotaka jibu libaki kwa hitimisho peke yake. Kama profesa wako ni wa namna hiyo, mufuate, lakini jibu lijue mwenyewe mbele ya kuandika plani. Bila jibu, plani inakuwa orodha tu.

Sasa angalia mfano wa pili:

«Mwishoni mwa mwaka 1955, profesa Mbelgiji Van Bilsen alipendekeza Kongo ipewe uhuru katika muda wa miaka 30, na kwao wengi walimwona kuwa anakimbia mno. Lakini tarehe 27 Januari 1960, kwenye Meza ya Mviringo ya Bruseli, tarehe ya uhuru ilikubaliwa: 30 Juni, yaani miezi mitano tu. Juu ya nini muda ulipunguka hivyo? Mara nyingi tunajibu kwa kutaja machafuko ya Leopoldville ya tarehe 4 Januari 1959. Machafuko hayo yalileta ahadi, lakini hayakuleta tarehe. Tarehe ilitokana na mambo mawili yaliyofuata: utawala ulipoteza utii wa watu katika sehemu za nchi, na Ubelgiji haikuwa tayari kuurudisha kwa vita. Tutaonyesha kwanza namna machafuko yalivyolazimisha ahadi, kisha namna utawala ulivyodhoofika mwaka 1959, na mwisho juu ya nini Ubelgiji haikuwa na njia ingine mezani Bruseli.»

Jaribu kuweka Ghana pale ndani. Haiwezekani. Sentensi ya kwanza na ya pili zinagongana, miaka 30 na miezi mitano, na swali linatoka lenyewe katika ule mgongano. Hakuna haja ya kuandika «swali hili ni la muhimu sana»; msomaji ameisha kuliona.

Jibu linatoka wapi?

Utangulizi mzuri hauandikwi mara moja. Tuseme mwanafunzi aliandika kwanza: «Machafuko ya Januari 1959 ndiyo yaliyosababisha uhuru wa haraka.» Ni jibu, na linaeleweka. Sasa anaandika sehemu ya kati, anapanga tarehe zake. Tarehe 4 Januari, machafuko. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, watu karibu 50 wanakufa. Tarehe 13 Januari, mfalme Baudouin anatangaza kwamba Kongo itapelekwa kwenye uhuru, bila kuchelewa mno na bila kukimbia mno. Tarehe yenyewe hakuitaja. Inakuja mwaka mmoja na majuma mawili nyuma.

Kumbe jibu lake lina tundu! Kama machafuko yalitosha, ule mwaka mzima ulikuwa wa nini? Basi anatazama ndani ya mwaka 1959. Katika Bas-Congo, watu wanaofuata ABAKO wanakataa kodi na amri za utawala. Mwezi wa Oktoba, machafuko yanatokea Stanleyville, na nyuma yake Lumumba anafungwa. Uchaguzi wa Desemba, ABAKO na PSA wanaususia. Upande wa Ubelgiji, katiba ilikuwa haikubali kutuma askari wa lazima katika koloni bila wao wenyewe kujitolea, na kila mtu alikuwa anaona vita ya Wafaransa kule Algeria. Januari 1960, kule Bruseli, wajumbe Wakongo wanaungana katika *Front commun*, wanadai tarehe pamoja na kufunguliwa kwa Lumumba. Wanapata yote mawili.

Sasa anarudi kwa utangulizi wake na kutengeneza ile sentensi ya jibu: machafuko yalileta *ahadi*, mambo ya nyuma yalileta *tarehe*. Njo maana shauri letu ni hili: andika utangulizi wa muda kwa broyo, andika sehemu ya kati, kisha rudia utangulizi. Kwa egzamen saa haitoshi, kwa hiyo panga tarehe zako zote kwa broyo kwanza, tafuta tundu, halafu tu ndipo uanze kuandika kwenye kopi.

Kwa urefu, utangulizi uwe karibu sehemu moja ya kumi ya kazi. Hitimisho linaweza kuwa fupi kidogo.

Hitimisho zaifu

«Kwa kumaliza, tumeona sababu za ndani na sababu za nje za uhuru wa Kongo. Uhuru ulikuja kwa haraka sana. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 na nchi ikaingia katika matatizo mengi. Kama Wabelgiji wangetutayarisha, leo tungekuwa mbali. Sisi vijana tuipende nchi yetu.»

Kuko makosa matatu. La kwanza: «tumeona sababu» inatukumbusha vyumba vya nyumba, haisemi ndani mulikuwa nini. La pili: kifo cha Lumumba ni jambo jipya, halikutajwa popote, na halielezi haraka ya 1959. Jambo jipya kwa hitimisho ni kama shahidi anayefika kortini nyuma ya hukumu. La tatu: mwisho umekuwa hotuba. «Kama wangetutayarisha» hatuna namna ya kulipima, na mapendo ya nchi, hata kama ni jambo zuri, siyo jibu la swali.

Hitimisho lenye nguvu

«Haraka ya uhuru wa Kongo haikutoka katika siku moja. Tarehe 4 Januari 1959 ilivunja wazo la kwamba kulikuwa muda wa kutosha, lakini Ubelgiji iliendelea kuamini kwamba itachagua mwendo yenyewe. Kilichoondoa uwezo huo ni mwaka uliofuata: utawala usiotiiwa, uchaguzi uliosusiwa, na askari ambao hawangeweza kutumwa. Umoja wa wajumbe Bruseli uligeuza uzaifu huo kuwa tarehe. Kwa hiyo machafuko yalikuwa mwanzo wa mwendo, na kupotea kwa utii ndiko kulikoamua kasi yake. Jibu hili linahusu zaidi Leopoldville, Bas-Congo na Stanleyville. Katika Katanga, kwa mfano, hesabu za kisiasa zilikuwa zingine. Inabaki swali: ile miezi mitano iliweza kutayarisha nini, wakati jeshi lilibaki chini ya maofisa Wabelgiji?»

Linganisha. Hili halirudilie maneno ya utangulizi. Linapanga sababu kwa uzito, ipi ilianzisha na ipi iliamua. Linaonyesha mpaka wake kwa Katanga, na ule mpaka unamfanya msomaji aamini zaidi yale mengine. Ufunguzi wa mwisho nao unazaliwa na somo lenyewe: miezi mitano ilitajwa kwa sentensi ya pili ya utangulizi. Ni swali tu, haliburuti ushahidi mpya. Ufunguzi kama «Je, Afrika itaendelea lini?» heri kuufuta kabisa. Hitimisho bila ufunguzi halikosi kitu kikubwa, lakini ufunguzi wa uongo unaharibu sentensi zote za mbele yake.

Jaribio la mwisho mbele ya kutoa kopi

Funika sehemu ya kati kwa mkono. Soma swali, utangulizi, halafu hitimisho, vitatu tu. Kama hitimisho linajibu swali lingine, ulipotea njiani. Tengeneza utangulizi ao ukate kilichokupoteza. Kama hitimisho linasema neno kwa neno yale ya utangulizi, basi sehemu ya kati haikukufundisha kitu. Rudi kwa tarehe zako uangalie tena: mara nyingi kuko mwaka mzima umekaa kati ya tukio na matokeo yake, na hakuna aliyeuliza ulikuwa unafanya nini pale.