Dashibodi Mpya ya Mauzo: Waraka Useme Nini Ili Watu Waelewe

Waraka wa kutangaza dashibodi ya mauzo mara nyingi huwa na mistari minne. Uongozi unafurahi kuwajulisha wafanyakazi kuwa kuanzia Jumatatu kampuni itatumia mfumo mpya, kiungo ni hiki, kila mtu ameshatumiwa nywila, mwenye swali awasiliane na Tehama. Kufikia Jumatano simu ya Tehama haipumziki, na wanaopiga hawaulizi habari za nywila. Wanauliza kwa nini mauzo yao yamepungua.

Dashibodi yenyewe si jambo la ajabu. Ni ukurasa wa kompyuta au simu unaochota takwimu kutoka kwenye ankara, stoo na vitabu vya mhasibu, kisha kuzionyesha kwa namba kubwa, chati na rangi. Kampuni nyingi huitengeneza kwa Power BI ya Microsoft, nyingine kwa Looker Studio ya Google, na zipo zinazoridhika na Excel. Chombo chochote kitakachotumika, kinachowasumbua wafanyakazi ni kilekile: namba wanayoiona kwenye skrini haifanani na namba waliyonayo kwenye daftari. Waraka mzuri huijibu hoja hiyo kabla haijaulizwa.

Tuchukue mfano wa kutunga, wa kampuni ya jumla inayosambaza sabuni, sukari, mafuta ya kula na tende kutoka Dar es Salaam, yenye matawi Morogoro na Dodoma. Dashibodi yake ina kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ni Muhtasari, ambao unaonyesha mauzo ya mwezi, lengo la mwezi, na mauzo ya mwezi kama huo mwaka uliopita. Wa pili ni Matawi, wa tatu Bidhaa na Stoo, wa nne Wateja na Madeni.

Ukurasa wa kwanza ndio wenye namba moja tu kubwa, na ndio unaoleta ugomvi zaidi. Ofisa mauzo wa Morogoro amefunga mwezi akiwa na risiti za EFD za sabuni zenye jumla ya shilingi 11,800,000. Anafungua dashibodi anakuta shilingi 9,600,000. Shilingi milioni mbili na laki mbili zimekwenda wapi? Hakuna aliyeziiba. Risiti ya EFD inaonyesha bei pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni 18%. Kodi hiyo ni ya Serikali, kampuni inaikusanya tu, kwa hiyo mhasibu haihesabu kuwa mauzo. Ukigawanya 11,800,000 kwa 1.18 unapata 10,000,000. Bado laki nne. Wiki ya tatu ya mwezi duka moja lilirudisha katoni zilizolowa maji, zenye thamani ya shilingi 400,000 bila kodi, na dashibodi imeziondoa. Ofisa ana risiti ya kuuzia, lakini hati ya bidhaa kurudi ilibaki stoo, hivyo daftari lake halikujua.

Hesabu hiyo ingeweza kumalizwa na sentensi mbili ndani ya waraka: "Namba ya mauzo katika ukurasa huu ni thamani ya ankara zote za mwezi bila kodi, baada ya kutoa bidhaa zilizorudishwa. Ankara huhesabiwa siku ilipotolewa, si siku mteja alipolipa." Sentensi ya pili ina uzito sawa na ya kwanza, kwa sababu mzigo uliotoka tarehe 30 na kulipwa tarehe 6 ya mwezi unaofuata unaweza kuhesabiwa na ofisa mwezi mmoja na mhasibu mwezi mwingine. Kampuni inaweza kuchagua njia yoyote kati ya hizo, mradi iiseme.

Kwenye ukurasa huohuo pana mshale: kijani ukiwa umezidi mwaka jana, mwekundu ukiwa umepungua. Hapa pana mtego unaojulikana na kila muuza jumla wa Pwani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku zipatazo 11 kuliko wa kalenda ya ofisini, hivyo Ramadhani husogea. Aprili 2024 ilianza watu wakiwa bado wamefunga, na Idi ikawa tarehe 10. Mwaka 2025 Idi ilikuwa Machi 31, kwa hiyo Aprili nzima ikawa ya siku za kawaida. Anayelinganisha tende na sukari za Aprili hizo mbili atapata mshale mwekundu hata kama tawi halikulegea hata siku moja. Dashibodi haijui habari za mwezi kuandama isipoelekezwa. Waraka uwaambie wasomaji kuwa kwa bidhaa za mfungo walinganishe Ramadhani na Ramadhani, na kama kuna chujio la kufanya hivyo, useme liko wapi.

Ukurasa wa Matawi unahitaji maelezo machache, lakini moja halikwepeki: nani anaona nini. Kwa kawaida mfumo hupangwa ili ofisa wa Morogoro aone Morogoro peke yake, na mkurugenzi aone yote. Hilo lisiposemwa, watu wawili watafungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, wataona jumla mbili tofauti, na kila mmoja ataamini kuwa mfumo umeharibika. Kuna pia chujio lililosahaulika. Katika Power BI, mtu akichagua Dodoma jana na kufunga, leo anaweza kukuta chaguo lake bado lipo, akadhani kampuni nzima imeuza mzigo wa Dodoma tu. Kabla ya kupiga simu, aangalie vichujio vilivyo juu au pembeni mwa ukurasa.

Ukurasa huu ndio pia unaowafanya maofisa wajiulize kimoyomoyo: je, umewekwa ili tuchungwe? Kamisheni yetu itatoka humu? Waraka unaokwepa maswali hayo unaacha yajibiwe na uvumi. Kama kamisheni itaendelea kukokotolewa na mhasibu kwa fedha zilizoingia, na dashibodi ni ya kufuatilia tu, iandikwe hivyo waziwazi. Kama kamisheni itahamia kwenye dashibodi, itajwe tarehe.

Bidhaa na Stoo unaonyesha kilichobaki na kitatosha kwa siku ngapi. Katoni 600 zikiwepo na tawi likiwa linauza katoni 40 kwa siku, skrini itaandika siku 15. Namba hiyo inategemea mtunza stoo kuingiza mzigo siku unapofika. Lori likishusha Ijumaa jioni na karatasi zikaingizwa Jumatatu, kwa siku mbili nzima dashibodi itadai stoo ni tupu.

Ndiyo maana waraka utaje saa ya kusasishwa. Watu wengi hudhani namba hubadilika papo hapo mauzo yanapofanyika. Dashibodi nyingi huchota takwimu mara moja alfajiri, au mara chache kwa siku. Leseni ya kawaida ya Power BI huruhusu ratiba isiyozidi mara nane kwa siku. Skrini itaonyesha 06:15, lakini wasomaji wengi wataisema saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ni busara waraka uandike zote mbili, kisha useme kuwa mauzo ya leo yataonekana kesho.

Ukurasa wa nne ndio unaogusa wateja, nao uandikwe kwa uangalifu kuliko kurasa nyingine zote. Madeni hupangwa kwa umri: siku 1 hadi 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Umri wa deni unaanza kuhesabiwa lini? Chukua mwenye duka aliyechukua mzigo Januari 5 kwa makubaliano ya kulipa ndani ya siku 30. Ikifika Februari 20, siku 46 zimepita tangu ankara itolewe, lakini amechelewa siku 16 tu, kwa kuwa siku yake ya kulipa ilikuwa Februari 4. Mfumo ukihesabu kuanzia ankara, yuko kwenye kundi la 31 hadi 60. Ukihesabu kuanzia siku ya kulipa, yuko kundi la kwanza. Ofisa asiyejua tofauti hiyo anaweza kumkatia mzigo mteja mzuri.

Kuna pia mteja anayeonekana anadaiwa na kumbe ameshalipa. Ametuma fedha kwa simu, zimeingia kwenye akaunti, lakini hakuandika namba ya ankara, hivyo mhasibu hajajua azifutie deni lipi. Dalili yake ni rahisi kuiona: jina la mteja linatokea mara mbili, mara moja likiwa na deni, mara ya pili likiwa na malipo yasiyo na ankara. Hapo ofisa amwombe mteja ujumbe wa muamala, aupeleke kwa mhasibu, kabla hajamdai mtu kilichokwishalipwa.

Orodha hiyo ina majina na pengine namba za simu za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Picha ya skrini ya wadaiwa haina nafasi kwenye kundi la WhatsApp la tawi, na waraka ulikataze jambo hilo kwa maneno yasiyo na utata.

Tunabaki na swali la nani aulizwe. "Wasiliana na Tehama" si jibu, kwa sababu mtu wa Tehama anaweza kufungua akaunti iliyofungwa, lakini hana mamlaka ya kusema kwa nini ankara fulani haimo. Katika kampuni yetu ya mfano, asiyeweza kuingia, au anayekuta ukurasa haufunguki, aende Tehama. Anayeona namba ya mauzo au deni si sahihi amwendee mhasibu wa mauzo. Stoo isiyolingana na kilichopo rafuni ni ya mtunza stoo wa tawi. Asiyeelewa namba ina maana gani, au aitumie vipi, amuulize msimamizi wake. Kila mmoja atajwe kwa jina na namba ya simu, pamoja na wa kushika nafasi yake akiwa likizo.

Muulizaji naye ana wajibu wake. Ujumbe wa "dashibodi imekosea" hauwezi kushughulikiwa. Unaoweza kushughulikiwa ni huu: "Ukurasa wa Muhtasari, Morogoro, mwezi wa Machi, nimeangalia saa mbili asubuhi. Ankara hii ya sabuni siioni," kisha namba ya ankara ifuate. Mhasibu anaitafuta ankara hiyo moja na kujibu siku hiyohiyo.

Lililobaki ni faili la zamani la Excel, lile ambalo kila tawi lilikuwa likilijaza jioni. Waraka utaje siku litakayofungwa, baada ya mifumo yote miwili kwenda pamoja angalau hadi mwezi mmoja ufungwe na namba zake zilinganishwe. Na kabla waraka haujatumwa kwa wote, mwandishi wake ampe ofisa mmoja wa tawi la mbali ausome, kisha amuulize mambo matatu: namba ya mauzo ina kodi au haina, imesasishwa lini, na ikionekana si sahihi utampigia nani. Akikwama hata kwenye moja, waraka urudi mezani uandikwe upya.