Ukifunga Dirisha, Bado Hujatoka

Msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za mijini hujaa vijana. Wengi hawana kompyuta nyumbani, na kujaza fomu ndefu pamoja na kupakia vyeti kwa simu ni kazi ya kuumiza macho. Kijana anaketi, anafungua Chrome, anaingia Gmail kuchukua nakala ya cheti cha kuzaliwa aliyojitumia, anaichapisha, anabonyeza ile alama ya x pembeni, analipa na kwenda zake. Anayekaa baada yake akiandika gmail.com, barua za mwenzake zinafunguka zote bila kuulizwa nenosiri.

Wala hapo hapajatokea udukuzi wowote. Unapoingia Gmail, kivinjari hupewa kidakuzi, ambacho kazi yake ni kama ya tiketi: kila ukurasa mpya ukifunguliwa, kivinjari huionyesha, nawe huulizwi tena wewe ni nani. Kufunga dirisha hakuichani tiketi hiyo. Inaweza kuendelea kufanya kazi kwa siku nyingi. Anayeifuta ni wewe, kwa kubonyeza picha yako au herufi ya jina lako juu kulia, kisha Sign out. Hata hapo anwani yako inaweza kubaki kwenye ukurasa wa kuingilia, ikiwa na maneno Signed out. Bonyeza Remove an account uiondoe nayo.

Usidhani aliyeingia humo atasoma salamu tu. Anaweza kwenda kwenye Facebook yako au akaunti yako ya maombi ya mkopo, akadai amesahau nenosiri, na kiungo cha kuweka jipya kikaletwa kwenye barua pepe hiyohiyo iliyo wazi mbele yake.

Ukiwa kwenye kompyuta ya watu, afadhali uanze na dirisha la faragha. Kwenye Chrome bonyeza Ctrl+Shift+N. Kwenye Firefox, Ctrl+Shift+P. Vidakuzi vyake hufutika ukimaliza, lakini kwa sharti moja ambalo wengi hawalijui: madirisha yote ya faragha lazima yafungwe, kwa kuwa yanatumia tiketi zilezile. Kama mteja aliyekutangulia aliacha lake wazi nyuma ya mengine, lifunge kwanza ndipo ufungue lako. Tena, dirisha hilo halifuti mafaili. Kile cheti ulichopakua bado kimo kwenye folda ya Downloads. Kichague, bonyeza Shift+Delete, maana Delete peke yake hukipeleka tu kwenye pipa la taka, na huko mtu anaweza kukiokota.

Ukitumia dirisha la kawaida, ujiandae kwa maswali, na kwenye maswali ndipo watu wenye haraka hunasa. La kwanza ni Save password? Ukikubali, nenosiri lako linabaki kwenye kompyuta hata baada ya kutoka vizuri. Mtu anaweza kuliona akifungua chrome://password-manager, hasa ikiwa kompyuta yenyewe haina nenosiri au wahudumu wote wanalijua. Chagua Never. Ukifanya hivyo, Chrome hiyo haitauliza tena kwenye ukurasa huo, na anayekufuata ananufaika bila kujua.

Swali la pili ni la hatari zaidi, nami naona halizungumzwi inavyostahili. Chrome inaweza kukuomba uingie kwenye kivinjari chenyewe, siyo Gmail pekee. Ukikubali na kuwasha usawazishaji, manenosiri uliyohifadhi kwenye akaunti yako kwa kutumia simu, pamoja na ya huduma ambazo hukuzifungua siku hiyo, yanaweza kushuka kwenye kompyuta ya steshenari. Kataa. La tatu huja wakati wa kuandika namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu: kisanduku cha Don't ask again on this device mara nyingi huwa kimeshawekewa tiki. Itoe, la sivyo kompyuta hiyo haitadaiwa namba tena.

Na ukikumbuka uko kwenye daladala kwamba hukutoka? Usigeuze safari. Kwenye simu fungua programu ya Gmail, gusa picha yako, ingia Manage your Google Account, kisha sehemu ya Security, na utafute orodha ya vifaa chini ya Your devices. Kompyuta ya steshenari itakuwamo, pengine ikiandikwa Windows pamoja na saa uliyoitumia. Igusie, chagua Sign out.

Yote hayo hayasaidii iwapo kompyuta ina programu inayorekodi kila herufi unayobonyeza, kwani haijali dirisha gani limefunguliwa. Kwa macho huitambui. Kwa hiyo ukilazimika kuandika nenosiri kwenye mashine usiyoiamini, libadilishe siku hiyohiyo, kwa simu yako mwenyewe.