Juu ya Dari, Nani Ampishe Nani?

Ukiinua macho katika korido ya hospitali, unaona dari nyeupe na taa zake, basi. Lakini nyuma ya dari hiyo kuna msongamano: dakti kubwa inayopeleka hewa wodini, bomba la maji taka la vyoo vya ghorofa ya juu, mabomba ya maji safi, trei ya nyaya za umeme, na mihimili ya zege inayokatisha korido kila baada ya mita chache. Dakti imechorwa na mhandisi wa mitambo, nyaya na mhandisi wa umeme, mihimili na mhandisi wa miundo, na urefu wa dari umeamuliwa na msanifu majengo. Kwenye mchoro wake, kila mmoja yuko sahihi. Matata huanza vitu vyote vinne vinapotakiwa kukaa mahali pamoja.

Kwa miaka mingi matata hayo yamekuwa yakigunduliwa na fundi bomba akiwa juu ya ngazi. Anafika na bomba lake, anakuta mhimili umekauka na hakuna tundu lililoachwa. Anaanza kutoboa. Ndani ya mhimili mna pete za chuma zinazozuia zege lisipasuke kwa mshazari karibu na nguzo, na mashine ya kutobolea haichagui cha kukata. Kosa la mchoro linageuka kuwa udhaifu wa jengo.

Leo kosa hilo linaweza kukamatwa kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa. Kila mhandisi hujenga sehemu yake kwenye kompyuta kama kitu kamili chenye urefu, upana na kimo, kinachojijua kuwa ni bomba la aina gani na la unene gani. Huu ndio mfano wa jengo unaobeba taarifa, ambao wataalamu huuita BIM. Mifano ya wahandisi wote huunganishwa katika programu kama Navisworks au Solibri, kisha programu hiyo huulizwa: ni vitu gani viwili vimekalia nafasi moja?

Tuchukue korido moja tuipime. Kutoka sakafu hadi sakafu ya juu ni sentimita 360. Zege la sakafu ya juu lina unene wa sentimita 15, na mhimili, ukihesabu zege hilo, una kimo cha sentimita 60. Kwa hiyo tumbo la mhimili liko sentimita 300 kutoka chini. Dari na fremu yake vinaishia sentimita 265. Chini ya mhimili imebaki nafasi ya sentimita 35 tu, ila kati ya mhimili mmoja na mwingine nafasi ni sentimita 80. Kumbuka tofauti hiyo.

Bomba la maji taka lina kipenyo cha sentimita 11 na linasafiri mita 9 hadi kwenye bomba la wima. Maji hufuata mkondo, na hapa mkondo ni mteremko wa moja kwa sitini: katika mita 9, bomba linashuka sentimita 15. Mhandisi amelining'iniza karibu na zege, mgongo wake ukiwa sentimita 340. Programu inapiga hesabu na kuonyesha alama nyekundu mbili, kwa sababu bomba limepenya mihimili miwili. Huu ni mgongano wa wazi, ambao kwenye skrini huandikwa Hard. Uko pia wa aina ya Clearance, ambapo vitu havijagusana lakini vimenyimana nafasi, mathalani vali ambayo fundi hawezi kuingiza mkono kuifungua.

Kompyuta imemaliza kazi yake hapo. Haijui nani ampishe nani. Hilo huamuliwa na wahandisi wakikaa mbele ya skrini moja, na wenye uzoefu huanza na swali hili: ni kipi kisichoweza kupinda? Mhimili umebeba jengo. Bomba la maji taka linaendeshwa na mteremko peke yake; ukilipandisha hata kidogo, uchafu unatuama. Dakti inasukumiwa hewa na feni, kwa hiyo inaweza kupanda na kushuka, ingawa kila kona huichosha feni. Bomba la maji safi lina msukumo wake, na waya unapinda kirahisi zaidi ya vyote.

Basi bomba la maji taka linashushwa chini ya mihimili. Linaanza na mgongo kwenye sentimita 299, na mwisho wa safari tumbo lake linafika 273, sentimita 8 juu ya dari. Dakti, ambayo pamoja na kitambaa chake cha kuzuia joto ina kimo cha sentimita 30, haiwezi kukaa juu wala chini ya bomba hilo. Inawekwa pembeni yake. Linabaki tatizo la matawi ya dakti yanayopaswa kuvuka bomba ili yaingie wodini. Hapo ndipo ile nafasi ya kati ya mihimili inapookoa: kila tawi linapandishwa humo, linapita juu ya bomba, kisha linaingia wodini. Hakuna mhimili ulioguswa.

Ripoti ya kwanza ya jengo zima huwa na mamia au maelfu ya migongano, na wengi hushtuka. Lakini dakti moja iliyochorwa juu mno ikipita kwenye mihimili mitano, pamoja na mabomba mawili ya maji safi na trei ya nyaya, hutoa migongano ishirini ambayo dawa yake ni uamuzi mmoja. Msimamizi makini huikusanya migongano kwa chanzo chake, na huiambia programu isihesabu miguso midogo isiyofika, tuseme, sentimita moja.

Hatari kubwa zaidi ni ripoti safi isiyo ya kweli. Kompyuta huona kilichochorwa tu. Tuseme bomba letu limechorwa bila mteremko, tumbo likiwa sentimita 288 mwanzo hadi mwisho, na kule mwisho trei ya nyaya inapita chini yake kwa sentimita 280. Kwenye skrini pana nafasi ya sentimita 8, na programu haisemi neno. Kwenye jengo, bomba litakuwa limeshuka hadi 273, yaani limeingia sentimita 7 ndani ya eneo la trei. Njia ya kugundua ni nyepesi: bofya ncha mbili za bomba usome kimo. Vikilingana, bomba hilo bado halina mteremko. Kagua vivyo hivyo kitambaa cha dakti na vyuma vya kuning'inizia mabomba, maana mara nyingi huachwa nje ya mfano.

Na uamuzi wa skrini usipofika kwa mafundi, umepotea. Mfano hauwezi kumzuia fundi wa dakti aliyewahi asubuhi akajitwalia nafasi ya bomba. Ndiyo maana mpangilio wa kufunga unapaswa kufuata ule ule wa kupishana: asiyeweza kupinda atangulie. Fundi bomba apande ngazi wa kwanza, pima maji mkononi, na mhimili ulio juu ya kichwa chake ubaki mzima.