Jino la mjamzito na picha ya eksirei

Mjamzito wa Nyanungu aliyevimba shavu kwa gego lililooza anaweza kupewa mashauri mawili kwa wakati mmoja: ajikaze mpaka ajifungue, na asikubali kamwe kupigwa eksirei. Shauri la kwanza linaweza kumgharimu uhai, maana usaha wa jino hausubiri miezi tisa. La pili linatokana na nia njema, lakini halilingani na kiasi cha mionzi kinachohusika. Swali la msingi katika chumba cha daktari wa meno halihusu ujauzito. Ni hili: je, picha hii itabadilisha matibabu? Jibu likiwa ndiyo, mjamzito ana haki ya kupigwa picha sawa na mgonjwa mwingine yeyote. Likiwa hapana, basi hata mwanamume mzima hastahili kupigwa.

Tuanze na vipimo, kwa kuwa hofu nyingi hupungua mtu akiviona. Kila mmoja wetu hupata mionzi ya asili kutoka ardhini, angani, katika chakula na hata katika hewa tunayovuta. Wastani wa dunia ni takriban milisivati 2.4 kwa mwaka, yaani karibu milisivati 0.007 kwa siku. Picha moja ndogo ya jino, ile ambayo filamu au kihisio huwekwa ndani ya mdomo, humpa mgonjwa takriban milisivati 0.005 kwa mashine iliyo katika hali nzuri. Hiyo haifikii mionzi ya asili ya siku moja. Picha pana inayoonyesha taya zote mbili kwa mara moja huwa kwenye milisivati 0.02 hivi, sawa na siku tatu. Inayohitaji tahadhari zaidi ni picha ya taya ya pande tatu, kwani dozi yake inaweza kuwa mara kumi au hata mara mia ya picha ndogo, kutegemea mashine na ukubwa wa eneo linalopigwa. Kwa hiyo mtu anaposema tu kwamba amepigwa "eksirei ya meno", bado hatujajua kitu cha kutosha.

Hivyo ni vipimo vya mama. Mtoto aliye tumboni hupata kiasi kidogo kuliko mama, na sababu yake inaeleweka bila hesabu ngumu. Mwale wa mashine ya meno ni mwembamba na huelekezwa kwenye taya, mbali na mfuko wa uzazi. Kinachoweza kumfikia mtoto ni mabaki ya mionzi iliyotawanyika, na hayo hupungua yanapopita shingoni na kifuani. Makadirio ya wataalamu huiweka dozi ya mtoto chini ya miligrei 0.01. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, katika mwongozo wake wa mwaka 2000 kuhusu ujauzito na tiba, inasema kuwa dozi iliyo chini ya miligrei 100 kwa mtoto haipaswi kuwa sababu ya kutoa mimba. Madhara kwenye ubongo, yaliyoonekana hasa kwa watoto waliokuwa tumboni kati ya wiki ya 8 na ya 15 wakati wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, yanahusu dozi kubwa za aina hiyo. Ingehitajika zaidi ya picha elfu kumi za jino ili kuufikia mpaka huo.

Hata hivyo, udogo wa dozi hautoi ruhusa ya kupiga picha ovyo. Kinga ya mionzi huchukulia kwamba hatari ya saratani hupungua pamoja na dozi lakini haifiki sifuri, na ndiyo maana kuna kanuni ya uhalali: mionzi isitumike isipokuwa faida yake inazidi madhara yake, kwa mgonjwa huyu, leo. Tumchukulie mama mwenye mimba ya wiki 14, anayeumwa gego la chini. Daktari humuuliza maumivu yalianza lini, hugonga jino, huangalia ufizi na kupapasa chini ya taya. Akikuta jino limebaki kisiki kinacholegea na uamuzi wa kung'oa uko wazi, mara nyingi picha haitaongeza kitu. Lakini kama magego mawili yaliyo jirani yameoza na haijulikani lipi lenye usaha, au mama anataka jino litibiwe mzizi badala ya kung'olewa, daktari asiyepiga picha anakisia. Kukisia kunaweza kumaanisha kung'oa jino zima na kuliacha lile bovu. Kwa mtu atakayesafiri tena kutoka Nyanungu hadi Tarime mjini, Mugumu au Musoma, kosa hilo si dogo.

Wapo watakaouliza: kwa nini asingoje tu ajifungue? Kwa picha za uchunguzi wa kawaida, za jino lisilouma, wana haki, na daktari anapaswa kuziahirisha bila ubishi. Kwa jino lenye maambukizi hoja hiyo haisimami. Usaha wa gego la chini unaweza kuteremka chini ya taya, ukainua ulimi na kuziba njia ya hewa. Mjamzito anayeshindwa kufungua mdomo au kumeza, mwenye homa na uvimbe unaoshuka shingoni, apelekwe hospitali mara moja. Hapo hata picha ya jino isiwe sababu ya kumchelewesha.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa watafiti wa Jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 2004 waliripoti kwamba wanawake ambao tezi yao ya shingoni ilipata zaidi ya miligrei 0.4 kutokana na eksirei za meno wakati wa ujauzito walizaa watoto wenye uzito mdogo mara nyingi kuliko wengine. Utafiti huo haupaswi kupuuzwa. Lakini dozi hiyo ya tezi haifikiwi kwa picha moja ndogo, na mtu anayepigwa picha nyingi kwa kawaida ana meno mabovu zaidi, pengine na maisha magumu zaidi, mambo ambayo yenyewe huweza kuhusiana na uzito wa mtoto. Ninachokichukua kutoka kwao ni sababu ya kupunguza idadi ya picha na kuilinda shingo. Hakuna humo sababu ya kumnyima mama picha moja inayohitajika.

Kuilinda shingo huanza na mashine yenyewe. Bomba lenye mdomo wa mstatili, unaolingana na filamu, hupunguza mionzi kwa nusu au zaidi likilinganishwa na lile la duara. Filamu ya kasi au kihisio cha kidijitali hupunguza tena. Mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilipendekeza kuacha aproni na kola za risasi kwa wagonjwa wote, wajawazito wakiwemo, kwa kuwa kwa mashine za sasa hazina faida ya maana na zinaweza kuziba picha hadi irudiwe. Pendekezo hilo linategemea mwale uliobanwa vizuri. Mashine ikiwa ya zamani, ningependa aproni ibaki, mradi isifunike eneo linalopigwa. Hasara inayosahaulika zaidi ni marudio: picha iliyokatwa ncha ya mzizi, au iliyofifia kwa sababu dawa ya kusafishia filamu imechoka, humpa mgonjwa dozi mara mbili kwa jibu moja.

Nchini Tanzania mashine hizi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003, na kituo kinapaswa kuwa na leseni yake. Dada, kama una mimba au siku zako zimechelewa, mwambie daktari kabla hujakaa kwenye kiti, kisha muulize picha hiyo itabadilisha nini katika matibabu yako. Na kama ulipigwa picha ya jino kabla hujajua kuwa una mimba, endelea na kliniki yako kama kawaida. Hakuna sababu ya kuitoa mimba hiyo.