Alama ya Kidole Kwenye Bilauri ya Chai

Bilauri ya chai ya rangi ikiwa mezani huonekana safi kabisa. Iweke karibu na dirisha, mwanga uipige kutoka nyuma, uipige picha, kisha uikuze picha hiyo kwenye kompyuta. Hapo ndipo utakapoiona mistari ya kidole gumba cha aliyeileta, nyuzi za taulo na madoa meupe ya maji yaliyokauka. Mafuta ya kidole huutawanya mwanga, na sehemu yake huishia kwenye kamera. Ndiyo maana alama hung'aa juu ya chai yenye rangi nzito, ilhali kwa mwanga wa mbele ungeipita bila kuiona.

Alama za upande wa nyuma ndizo zenye ujanja. Bilauri ya mviringo ikijaa chai hugeuka lenzi, na doa lililo kwenye ukuta wa nyuma huonekana limepanuka karibu mara mbili. Mtu husugua mbele, anapiga tena, doa liko palepale.

Kwa hiyo kazi huanzia jikoni. Osha bilauri kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha isuuze kwa maji yaliyotiwa siki kidogo, maana siki huyeyusha chokaa inayoachwa na maji ya kisima. Ikaushe kwa kitambaa cha maikrofaiba, kisha ivalie glovu za pamba au uishike kwenye kitako tu. Chai imiminwe kwa faneli ili isirukie kingo za ndani. Kabla ya kupiga, washa tochi ya simu nyuma ya bilauri, uizungushe polepole. Dakika moja hapo huokoa muda mwingi wa kuhangaika na kompyuta.

Tuseme pembeni kuna sahani nyeupe ya sambusa. Ukingo wake hufutwa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa siki, kwa sababu mafuta ya kukaangia huacha utando unaoonekana kama kivuli cha kijivu. Vipande vya ganda vilivyotapakaa huondolewa kwa kibano. Mimi huviacha viwili au vitatu vilivyo chini ya sambusa yenyewe, kwani sambusa isiyoacha hata kipande kimoja huonekana kama ya plastiki.

Yatakayobaki ndiyo ya kompyuta. Kwenye Photoshop, fungua tabaka jipya tupu juu ya picha, chagua Spot Healing Brush, na uweke alama kwenye Sample All Layers. Marekebisho yote yatakaa kwenye tabaka hilo, na ukikosea unafuta hapo tu. Brashi iwe kubwa kidogo tu kuliko chembe. Kipande cha ganda kilicho katikati ya sahani nyeupe hutoka kwa mguso mmoja, mradi uguse na kivuli chake. Wengi husahau kivuli, na sahani hubaki na doa ambalo halina mwenyewe.

Ugumu uko kwenye ukingo wa bilauri. Brashi hiyo huchanganya rangi za jirani, kwa hiyo alama ikigusa mstari mweusi wa ukingo, weusi huo huvutwa ndani na kuacha ukungu. Hapo tumia Clone Stamp, Sample yake ikiwa Current & Below. Shikilia Alt, bofya juu ya ukingo uleule palipo safi, juu au chini kidogo ya doa, kisha paka ukiufuata mstari. Ukingo ukipinda usichukue sampuli mbali, maana mstari utavunjika.

Alama kubwa ya kidole juu ya chai ina dawa yake. Bado na Clone Stamp, badilisha Mode iwe Darken na upunguze Opacity hadi asilimia 30 hivi. Kwa hali hiyo brashi hugusa tu sehemu zinazong'aa kuliko sampuli, yaani mistari ya kidole, na rangi ya chai iliyo katikati yake hubaki ilivyo. Chukua sampuli kwenye kimo kilekile cha bilauri na umbali uleule kutoka ukingoni, kwa kuwa chai hufifia kuelekea pembeni.

Mwenye simu tu anaweza kutumia Healing ya Snapseed. Brashi yake hupungua kadiri unavyoikuza picha, kwa hiyo kuza sana kabla ya kugusa. Inatosha kwa makombo, lakini ukingoni huharibu haraka.

Mwisho, weka juu tabaka la Curves na uukunje mstari wake kwa ukali hadi picha ionekane mbaya. Mabaka uliyoyaacha yatajitokeza, hasa pale ulipolainisha mno hadi chenga za picha zikapotea. Yaone yalipo, lizime tabaka la Curves, uyarekebishe kwenye lile tabaka la chini, kisha ulifute hilo la Curves kabla ya kuhifadhi.